Kulia au kushoto: jiko la mkaa chumbani

"Kaka, nasoma fiziolojia hapa Tanga. Grafu ya oksijeni kwenda kulia na kushoto nimeikariri, lakini kwa mgonjwa inabadili nini?"

Mdogo wangu, kulia nitapita haraka: joto, asidi, kabonidayoksaidi na 2,3-DPG vikizidi, himoglobini huiachia tishu oksijeni kwa urahisi. Ndiyo maana mwenye upungufu wa damu wa muda mrefu, himoglobini 7, unaweza kumkuta bado anafua nguo.

Kushoto ndiko kwenye balaa. Chukulia mama wa Ngamiani, masika, kaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Nusu ya himoglobini yake imeshikwa na kaboni monoksaidi. Ungedhani ni sawa na aliyepungukiwa nusu ya damu, lakini yule anatembea, huyu kazimia. Gesi hiyo ikikamata nafasi moja au mbili kati ya nne za molekuli, zilizobaki huing'ang'ania oksijeni, na grafu huenda kushoto. Kwa kawaida himoglobini hubaki na nusu ya oksijeni yake shinikizo la oksijeni likishuka hadi kama milimita 27 za zebaki. Kwake lazima lishuke chini zaidi, na huko ubongo unaumia.

Kipimo cha kidoleni kinaweza kusoma 98, maana hakitofautishi oksijeni na gesi hiyo (kimewadanganya wengi). Kwa hiyo uliza habari za jiko, mtoe chumbani, mpe oksijeni ya asilimia 100 kwa barakoa. Hapo gesi hupungua nusu kwa takriban saa moja hadi moja na nusu, badala ya saa 4 au 5 kwa hewa ya kawaida.