"Amelala" si "has slept": tahadhari kuhusu -me-

Nasaidia nyumba mbili tatu za wageni huku Rungwe kuandika ujumbe wa Kiingereza kwa watalii wanaokuja kupanda kwenda Ziwa Ngosi au kuona Daraja la Mungu. Makosa ya tahajia hayanipi shida, simu inayasahihisha yenyewe. Shida ni kiambishi -me-. Sentensi inayotoka huwa imekaa sawa kisarufi, simu haiipigii mstari mwekundu, kumbe mgeni ameelewa kinyume.

Asubuhi moja mgeni aliuliza dereva wake yuko wapi. Dada wa mapokezi akamwandikia: "The driver has slept." Alitaka kusema dereva amelala, yuko kitandani. Mgeni akachukua begi lake akaenda kusimama kando ya gari, na alikuwa na haki, maana Kiingereza kile kinasema dereva ameshapata usingizi wake wa kutosha. Kilichotakiwa ni "The driver is still asleep."

Shuleni tuliambiwa -me- ni wakati timilifu, kwa hiyo weka "has" au "have". Kanuni hiyo inafaa kwa "amenunua tiketi", yaani "He has bought the tickets". Ila tunavyo vitenzi vingi, kama kulala, kukaa, kusimama, kuvaa, kuchoka, kushiba na kukatika, ambavyo vikipata -me- hatusimulii tena tendo. Tunaeleza hali ambayo mtu au kitu kimo sasa hivi. Hapo Kiingereza hutumia "is" na neno la sifa, au "is" na kitenzi chenye "-ing". Amechoka ni "He is tired". Amesimama ni "He is standing". Amevaa koti ni "He is wearing a jacket". Ukiandika "He has worn a jacket", msomaji anaelewa kwamba aliwahi kulivaa siku fulani.

Namna ninayowashauri wenzangu ni kujiuliza kabla ya kutafsiri: mtu akija hapa sasa hivi, atakiona hicho ninachokisema? Dereva aliyelala utamkuta amelala. Aliyesimama getini utamwona. Kama jibu ni ndiyo, anza kwa kujaribu "is". Mtihani huu haumalizi kila kitu. "Gari limeharibika" linaonekana pia, na bado Waingereza husema "The car has broken down". Lakini utakuokoa mara nyingi, hasa kwenye maji na umeme: maji yamekatika ni "The water is off", umeme umekatika ni "The power is out".

Chukua ujumbe huu wa msimu wa mvua: "Mvua imenyesha usiku kucha na barabara ya Ngosi imeharibika. Dereva amefika jana usiku, bado amelala. Mwongozaji amesimama getini tangu saa kumi na mbili, amevaa koti jekundu." Zipo -me- sita humo, na "has" inabaki moja tu.

Mvua ilinyesha usiku, na usiku umekwisha, kwa hiyo "It rained all night". Usiandike "The rain has rained". Barabara ni hali, mgeni ataikuta hivyo: "the road to Ngosi is in bad shape". Kwenye "amefika jana" ndipo wengi hunasa. Sisi tunaweza kuweka -me- pamoja na jana bila tatizo, ila Kiingereza hakikubali "has" ikiwa umetaja wakati uliokwisha. Inakuwa "The driver arrived late last night and is still asleep." Mwongozaji naye angekuwa "is standing", lakini tumeongeza "tangu", na tangu ndiyo inayoirudisha "has": "The guide has been standing at the gate since six, wearing a red jacket." Angalia na saa: kumi na mbili yetu imekuwa "six".

Ukibaki na wasiwasi, andika kifungu chako Google ndani ya alama za kunukuu, kwa mfano:

```
"the driver has slept"
```

Usihesabu matokeo, maana mtandaoni kuna makosa yetu sisi pia. Soma sentensi zenyewe, kisha tazama kifungu kimezungukwa na nini. "Has slept" utaikuta na muda au mahali, kwa mfano mtu amelala ndani ya gari kwa siku kadhaa. Kama sentensi yako haina kitu cha namna hiyo, tafuta "asleep" kwenye kamusi yenye mifano na uige mmojawapo wa mifano hiyo.

Ukihamia wakati uliopita, kanuni ni ileile. "Alikuwa amevaa" ni "was wearing", na "alikuwa amelala" ni "was asleep". "Had" iache kwa vitenzi vya aina ya kununua.