Mada Kubwa, Slaidi Yenye Jambo Moja: Kwa Maafisa Wapya wa Ziwani

Wenzangu mnaoanza kazi ya kuzungumza na wavuvi na maafisa wa kaunti hapa Kisumu, mada itakayowasumbua mapema ni gugu maji la Ghuba ya Winam. Huwa nakiona kichwa kama hiki: “Gugu maji: chanzo, athari na udhibiti.” Chini yake huwa kuna vipengele tisa, ramani ndogo pembeni na jedwali lisilosomeka. Aliyeiandaa slaidi hiyo hujitetea kwamba mambo hayo yameshikamana, na ni kweli yameshikamana. Lakini msikilizaji hawezi kusoma na kusikiliza kwa pamoja, kwa hiyo atasoma mpaka achoke, na maneno yako yatampita.

Kabla ya kufungua kompyuta, andika kwenye karatasi unachotaka kusema, kila jambo katika sentensi moja kamili yenye kitenzi. “Athari” ni jina la kapu, na kapu hupokea chochote. Ukiandika “Gugu maji huzuia mashua kutia nanga Dunga”, umesema jambo linaloweza kukubaliwa au kupingwa. Sentensi hiyo ndiyo kichwa cha slaidi. Ikikulazimu kuunganisha madai mawili kwa “na”, hizo ni slaidi mbili.

Tuipasue ile slaidi yenye vipengele tisa. Kwa wavuvi, mimi ningebakiza madai manne. La kwanza, maji ya ghuba yana naitrojeni na fosforasi nyingi zinazotoka mashambani na katika maji taka. La pili, gugu likipata rutuba na joto linaweza kuongezeka maradufu kwa takriban wiki mbili. La tatu, fukusi wa jamii ya Neochetina, walioachiliwa ziwani miaka ya 1990, hulidhoofisha lakini hawalimalizi. La nne, gugu likiondolewa huku rutuba ikiendelea kuingia, litarudi. Kwamba mmea huu asili yake ni Amerika Kusini ni habari ya kweli, ila mvuvi anayeusukuma kwa kasia kila alfajiri haihitaji ili aelewe hayo manne. Iweke katika maelezo ya msemaji, uitoe ukiulizwa.

Dai la pili ndilo linaloonyesha vizuri kazi ya nafasi tupu. Wengi huweka hapo aya nzima kuhusu ukuaji wa mimea. Chora badala yake miraba minne katika mstari, yenye maeneo ya hekta 1, 2, 4 na 8, na chini ya kila mmoja uandike: leo, wiki 2, wiki 4, wiki 6. Miraba ichorwe kwa uwiano wa eneo: ule wa hekta 4 una upande mara mbili ya ule wa hekta 1, si mara nne. Acha sehemu yote iliyobaki ikiwa nyeupe. Hapo mkono utakuwasha kuongeza picha ya mashua, nembo ya idara, au chanzo cha takwimu kwa herufi kubwa. Uzuie. Weupe ule ndio unaofanya mraba wa mwisho uonekane mkubwa. Ukiuzungushia vitu, ukubwa wake unapotea.

Kwenye slaidi pana ya kawaida, acha angalau sentimita 2 kila upande, na uache pengo kubwa zaidi kati ya kichwa na mchoro kuliko kati ya mraba na maandishi yake, kwa kuwa macho huvihesabu vilivyo karibu kuwa kitu kimoja. Herufi zisiwe chini ya pointi 28. Kumbi zetu nyingi zina madirisha makubwa, na jua la saa tano hufuta kijivu chote cha projekta, basi tumia nyeusi halisi. Kisha mwonyeshe mwenzako slaidi kwa sekunde tano, uifiche, na umuulize imesema nini. Akitaja mada badala ya dai, bado haijakaa sawa.

Msiogope idadi ya slaidi kuongezeka. Slaidi ya namna hii inaweza kukaa nusu dakika tu, wakati ile ya vipengele tisa ingekwama dakika sita.

Kuna mahali utaratibu huu hauendi moja kwa moja. Wazo lenyewe likiwa ni uhusiano, kama vile rutuba kulisha gugu, gugu kuziba mwanga, na oksijeni kupungua chini yake, ukiligawa katika slaidi zisizofanana utaukata mnyororo. Tengeneza mchoro mzima kwanza, unakili slaidi mara kadhaa, kisha ufute sehemu katika nakala za mwanzo ili kila hatua itokee mahali pake pale pale. Jedwali la vipimo vya maji ya mito ya Nyando na Sondu-Miriu lichapishwe kwenye karatasi na kugawiwa maafisa wa kaunti, ambao watataka kulinganisha namba moja moja wakiwa wameketi.