Maswali na majibu: dola za mtoto wa nje, tuzibadili au tuzishike?

Kijana yuko Marekani, anatuma dola 500 kila mwezi. Jirani anasema tusichenji hadi ifike 3,000. Tuna ada ya 1,200,000 Januari. Tufanyeje? – Mama wa Soweto, Moshi

Mama, jirani huyo huyo, au ndugu yake, alisema hivyo Oktoba 2024, dola ikiwa karibu 2,700. Desemba ilishuka hadi maeneo ya 2,400. Aliyekuwa amezikalia dola 2,000 akisubiri 3,000 alipoteza kama laki sita, na ada haikumsubiri. Miezi michache baadaye dola ikarudi juu tena, ila mwenye mtoto wa kurudi shule Januari hilo lilimsaidia nini?

Anza na matumizi, kiwango kitafuata. Kwa hesabu tu, tuchukue dola moja kwa 2,450. Kama nyumba inakula laki tisa kwa mwezi, badili dola 370 siku ileile zinapofika, utapata 906,500. Zinabaki 130. Kuanzia Septemba hadi Desemba hizo ni dola 520, yaani shilingi 1,274,000, na ada imetimia. Lakini ukizishika zote hadi Januari na dola ikashuka hadi 2,300, utashika 1,196,000, na mtoto atakuwa na upungufu. Zibadili 130 kila mwezi, uziweke kwenye akaunti ya shilingi isiyo ya matumizi. Dola ikipanda utakosa faida kidogo, sawa, lakini ada ipo.

Cha kushika kwa dola ni kile kisicho na kazi ya shilingi ndani ya mwaka, au chenye kazi ya dola yenyewe, kama gari unaloagiza Japani.

Na kwa wanaopenda kubashiri: shilingi yetu ina msimu wake. Watalii wanajaa Arusha Juni hadi Oktoba, korosho inauzwa mwishoni mwa mwaka, dola zinaingia. Miezi ya Machi hadi Mei zinakuwa adimu. Kushika dola Oktoba ukitaka kuzitumia Desemba ni kuogelea dhidi ya mkondo. Msimu nao si mkataba, kwa hiyo usiweke ada juu yake.

Tunapokea kwa simu. Tukiona shilingi inayumba, tuzitoe kama dola? – Sakina, Arusha

Haiwezekani. Zikiingia kwenye simu zimeshakuwa shilingi. Kiwango kiliamuliwa kule kwa mtumaji, kabla hamjasikia mlio wa ujumbe. Mkitaka uamuzi uwe wenu, fungueni akaunti ya dola na atume humo, ila ulizeni kwanza makato ya kupokea na ya kutoa taslimu.

Mwambieni pia asidanganyike na "hakuna ada ya kutuma". Chukueni shilingi mlizopokea, mgawanye kwa dola zote alizokatwa, ada ikiwemo. Akikatwa 205 nanyi mkapata 485,000, mmebadilishiwa kwa takriban 2,366. Kiwango cha Benki Kuu siku hiyo kikiwa 2,450, zimeyeyuka kama 17,000. Mlinganishe kampuni mbili siku moja, hapo ndipo akiba ilipo, si kwenye kusubiri.

Leo nimebadili kuwa shilingi, kesho nikiona inashuka ninunue tena dola? – Kijana wa Njiro

Usifanye hivyo. Ubao una bei mbili: dukani wakinunua kwako kwa 2,430 na kuuza kwa 2,480, kila mzunguko unakula shilingi 50 kwa dola.

Kuna jamaa karibu na Mnara wa Saa anatoa bei nzuri kuliko benki. – Bila jina

Swali hili linakuja kila wiki, na nimechoka kulijibu kwa upole. Asiye na leseni ya Benki Kuu hana risiti, na ukipewa noti bandia au hesabu pungufu huna pa kulalamika. Arusha yenyewe iliona Novemba 2018 maduka ya kubadilishia fedha yakifanyiwa ukaguzi mkali. Nenda kwenye duka lenye leseni ukutani, uhesabu hapo hapo dirishani.

Babu ana dola 100 za zamani kabatini, zimekunjwa na kuandikwa kwa kalamu. Zina thamani? – Majengo, Moshi

Marekani bado ni halali. Hapa dirishani huenda wakazikataa au wakapunguza bei kwa sababu ni za zamani au zimechafuka, na noti ndogondogo mara nyingi hupata bei ya chini. Peleka benki ulizie kabla hujakubali punguzo la mtaani. Nyingine mziweke kavu, bila kukunja, bila kalamu.

Mwenye nyumba anadai kodi kwa dola, nimpe zile anazotuma dada? – Moshi mjini

Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini. Mlipe shilingi na mkataba uandikwe kwa shilingi. Kuwa na dola kwenye akaunti yako hakukatazwi.

Kwa nini benki na Benki Kuu wana bei tofauti? – Usa River

Ya Benki Kuu ni ya rejea tu. Haikuuzii dola wewe.