Usiandike ripoti ya nyumba ambayo hujaingia

Swali: "Wakuu, nimemaliza digrii ya Usimamizi wa Ardhi na Uthamini, nimerudi nyumbani Arusha. Kuna mzee ana ofisi mjini amenikubali nifanyie mazoezi kwake. Anasema saiti haina haja, atakuwa ananipa picha na nakala ya hati niandike ripoti, daftari langu la vitendo atalisaini lote mwishoni. Bodi ya Usajili wa Wathamini inaangalia nini hasa kwenye usajili?"

Mdogo wangu, usiende kwa huyo mzee. Kama umeshaanza, ondoka. Nimesoma swali lako nikahisi kama naandikiwa maisha yangu mwenyewe, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi, hapa hapa Arusha, nikayaamini kwa miezi 14.

Bosi wangu alikuwa mtu wa kuheshimika, ana muhuri, ana wateja wa benki. Asubuhi ananitumia picha nane kwa Wasapu, nakala ya hati, mchoro wa nyumba, na namba ya simu ya dalali wa eneo. Jioni ripoti inatakiwa iwe mezani. Nikiomba twende wote saiti ananiambia, "Kijana, picha zinatosha, mafuta ni ghali." Nikajiona nimepata kazi nzuri ya kukaa kivulini. Daftari likajaa ripoti nisizozijua kwa macho.

Siku ya kukaa mbele ya jopo la Bodi nilikuwa nimejiandaa vizuri kwa vitabu. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 nilikuwa nayo kichwani. Kanuni za fidia za 2001 pia: posho ya malazi ni kodi ya soko mara miezi 36, posho ya usafiri ni gharama ya kusafirisha tani 12 ndani ya kilomita 20. Hayo yote utayasoma na kuyashika ndani ya wiki mbili, hayatakuangusha. Mmoja wa wajumbe akafungua daftari langu, akaweka kidole kwenye ripoti moja ya nyumba ya Moshono iliyofanywa kwa ajili ya mkopo, akasema, "Tueleze hii."

Kiwanja kilikuwa mita za mraba 1,000, kina hati. Nilitumia njia ya mlinganisho kwa ardhi, na kwa nyumba nikatumia gharama za kujenga upya kutoa uchakavu. Dalali alikuwa amenitajia viwanja vitatu vya jirani, nikachukua wastani wa shilingi 60,000 kwa mita ya mraba, ardhi ikawa milioni 60. Nyumba nilisoma kwenye mchoro, mita za mraba 180, nikazidisha kwa 700,000, nikatoa asilimia 10 ya uchakavu, ikabaki milioni 113.4. Jumla milioni 173.4. Kwenye karatasi ilipendeza sana.

Akaniuliza, "Hivi viwanja vitatu, nani alinunua, lini, na mkataba wa mauziano uliuona wapi?" Kimya. "Hiyo 180 ulipima kwa nje au kwa ndani ya kuta?" Kimya. "Gari linafikaje pale?" Sikuwa na jibu hata moja. Hakunifokea. Alifunga daftari taratibu, akaniambia nirudi nikafanye kazi kwanza. Ule utaratibu wake uliniuma kuliko makelele.

Wiki iliyofuata nilipanda daladala hadi Moshono, nikaenda kwenye ile nyumba. Mama mwenye nyumba alinikaribisha chai, nikamweleza kilichonipata, akaniruhusu nipime. Nikatoa tepu ya mita 30, nikazunguka kwa nje, kila nikijumlisha napata 156. Nikamuuliza, "Shikamoo tena mama, samahani, gereji iko wapi?" Akacheka, "Marahaba mwanangu, ile ilibaki kwenye karatasi. Pesa ziliishia kwenye bati." Mita 4 kwa 6 za gereji ambayo haijawahi kujengwa nilikuwa nimezithaminisha kwa shilingi milioni 16.8 kabla ya uchakavu. Sebuleni kulikuwa na ufa unaoanzia kona ya dirisha hadi kwenye linta, na dari la chumba cha nyuma lilikuwa na madoa ya maji. Asilimia 10 ya uchakavu ilikuwa ya kubahatisha. Kwa nilichokiona, 20 ndiyo ilistahili.

Halafu ardhi. Nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu mauziano mengi ya huku hupitia kwake na yeye anakumbuka. Kumbe viwanja viwili kati ya vile vitatu vilikuwa kiwanja kimoja, kinanadiwa na madalali wawili kwa bei mbili, na wala kilikuwa hakijauzwa. Cha tatu kiliuzwa kweli, mita 950, milioni 38, mkataba niliuona. Hiyo ni 40,000 kwa mita. Na cha kwetu gari halifiki, unaacha barabarani unapita njia ya miguu kwenye shamba la jirani, hivyo nikashusha hadi 35,000. Mauzo moja hayatoshi kwa ripoti ya kweli, nilihitaji kuendelea kutafuta mengine, lakini hata kwa hayo tu hesabu ikawa hivi: ardhi milioni 35, nyumba 156 mara 700,000 kutoa asilimia 20, milioni 87.36. Jumla milioni 122.36.

Tofauti ni zaidi ya milioni 51. Fikiria benki imekopesha kwa kuangalia karatasi yangu, mkopaji ameshindwa kulipa, nyumba inapigwa mnada. Na yule mama naye angekopeshwa mzigo ambao nyumba yake haiubebi. Bosi wangu alijua kabisa hatari hiyo. Muhuri ni wake, dhamana ni yake, lakini aliyekuwa anaharibiwa ujuzi ni kijana aliyemwamini. Hilo sijamsamehe bado. Nilipomwonyesha vipimo vipya aliniambia, "Benki haijalalamika."

Kwa hiyo ukiniuliza wanaangalia nini hasa, mimi nitakwambia hicho tu: kama ile kazi ni yako. Bei uliyoandika ililipwa na mtu, au ilitamkwa na dalali? Bei ya kutamkwa ni matumaini ya muuzaji. Nyumba uliipima kwa mkono wako, au uliisoma kwenye mchoro? Daftari lisainiwe kazi inapoisha, ripoti moja moja, ukiwa bado unakumbuka tope la siku ile. Msimamizi anayetaka kusaini yote mwishoni hajui ulichofanya, na swali la pili tu litalionyesha hilo. Kabla hujaanza hakikisha pia jina lake liko kwenye orodha ya Bodi kama mthamini aliyesajiliwa kikamilifu. Usiishie kuangalia muhuri.

Mimi nilianza daftari upya kwa mthamini mwingine, mama mmoja wa Moshi, ambaye ripoti yangu ya kwanza aliirudisha mara nne kwa sababu sikuandika tarehe za mauzo niliyolinganisha. Mara ya tatu nilikasirika, ya nne nikaelewa. Niliporudi mbele ya jopo waliniuliza kuhusu nyumba ya Njiro, na niliweza kuwaambia hadi upande ambao maji ya mvua yanaingilia.

Kama bado una shaka, kesho ukifika ofisini kwa huyo mzee, muulize saiti mnakwenda lini. Akikujibu picha zinatosha, chukua begi lako.