Muda wa kwenda CMA, tume ya Tanzania ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, baada ya kuachishwa kazi

"Barua ya kuachishwa ni ya tarehe 3 Machi, utumishi wanasema nisubiri majibu. CMA nina hadi lini?"

Hadi 2 Aprili, ndugu, na leo ni tarehe 28. Kuna jamaa kasema una siku 60, lakini hizo ni za madai mengine, mfano malimbikizo ya mshahara. Kuachishwa ni siku 30. Kama rufaa ya ndani ipo kwenye taratibu za kampuni, siku huweza kuhesabiwa tangu uamuzi wa mwisho, lakini kama unachosubiri ni majibu ya barua ya kuomba huruma tu, mwajiri atabisha kuwa hiyo si rufaa. Jaza fomu ya kupeleka mgogoro, CMA F1, kesho, mpe mwajiri nakala, asaini kupokea. Mimi nilisubiri "majibu" hayohayo, nikaishia kujaza F2 ya kuomba kuongezewa muda, na kiapo juu.