Leseni ipo ukutani, vijana wako nje ya daftari

*Swali: Shemeji yangu ana karakana ya vitanda Nsambya, Kampala, na vijana wawili wa kazi. Leseni ya mamlaka ya jiji, KCCA, anayo, kodi ya mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, analipa, lakini nasikia bado anahesabiwa kwenye uchumi usio rasmi. Maana yake nini hasa? Na kama kodi yenyewe ni ndogo, mbona watu wengi mjini wako nje ya mfumo?*

Jibu: Wanaohesabu mambo haya hutazama vitu viwili: biashara na kazi. Biashara isiyo rasmi ni ile ambayo haikuandikishwa, au ambayo fedha zake zimechanganyika na za nyumbani. Kazi isiyo rasmi ni ya mtu asiye na mkataba, asiyewekewa akiba kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na ambaye siku akiugua halipwi. Tangu 2003 watakwimu wa kazi duniani huvihesabu mbalimbali. Kwa hiyo shemeji yako anaweza kuwa ndani, na vijana wake wawili wakawa nje. Hata kampuni kubwa yenye vibarua wasioandikwa ina kazi zisizo rasmi. Wala si kweli kwamba watu hawa hawalipi kodi: anayetoa pesa kwenye simu hukatwa nusu ya asilimia moja, awe na daftari au asiwe nalo.

Sasa tupige hesabu, kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25. Tuseme karakana inauza vitanda vya shilingi milioni 4 kwa mwezi, yaani milioni 48 kwa mwaka. Biashara ndogo ya kiwango hicho hutozwa kwa mauzo, si kwa faida. Asiyeweka hesabu hulipa 200,000 kwa mwaka. Anayeweka hulipa 80,000, pamoja na 0.5% ya kila kinachozidi milioni 30, ambayo hapa ni 90,000: jumla 170,000. Hiyo haifikii hata 15,000 kwa mwezi, na haimkimbizi mtu.

Mzigo uko kwenye mishahara. Kijana anayelipwa 20,000 kwa siku, siku 26, anapokea 520,000 mkononi. Akiandikwa, kodi ya mshahara, ile PAYE, inachukua 58,000 na NSSF 26,000. Anabaki na 436,000. Bosi naye huongeza 52,000 za NSSF, kwa hiyo kijana anamgharimu 572,000. Pengo kati ya kinachotoka mfukoni mwa bosi na kinachofika mkononi mwa kijana ni 136,000 kila mwezi. Kwa vijana wawili, kwa mwaka, ni 3,264,000, karibu mara 19 ya kodi ya biashara yenyewe. Kweli, 1,872,000 kati ya hizo ni akiba yao NSSF. Lakini akiba ya uzeeni hailipi kodi ya chumba mwisho wa mwezi huu, na mara nyingi kijana mwenyewe ndiye anayesema, "Bosi, nipe zote." Wote wawili wanapata nafuu leo, kwa hiyo hakuna anayelalamika mpaka msumeno ukate kidole.

Zamani mwajiri mwenye wafanyakazi chini ya watano hakulazimika kuchangia NSSF. Marekebisho ya sheria ya 2022 yaliondoa kinga hiyo: hata mwenye kijana mmoja anatakiwa kuchangia. Na kumwita mtu kibarua hakusaidii sana, kwani kanuni za ajira za 2011 haziruhusu ukibarua kupita miezi minne mfululizo.

Ndipo wengi hulipa kwa kitanda badala ya siku. Hapo tazama hali ilivyo, si jina la malipo. Fundi mwenye randa na misumeno yake, anayepokea kazi za karakana tatu na kujipangia siku, amejiajiri. Anayefika kila asubuhi, akitumia mashine ya bosi na kuambiwa afanye nini, ni mfanyakazi, hata akilipwa kwa kipande.

Kuna kosa moja linalowapandisha watu daraja la kodi bila kujua. Mteja wa kitanda cha 600,000 hutanguliza 300,000, nayo inaandikwa kama mauzo. Akija kuchukua kitanda, karani anaandika 600,000 nzima. Daftari linasoma 900,000. Ongeza hela za ada ya watoto zilizopita kwenye laini hiyohiyo ya simu, na milioni 48 zinaonekana kama 55. Kwa asiye na hesabu safi, kuvuka milioni 50 kunapandisha kodi kutoka 200,000 hadi 400,000. Shemeji yako awe na laini ya karakana peke yake na safu mbili daftarini, ya kilichotangulizwa na ya kilichomalizikia. Mwisho wa mwezi ajumlishe safu zote mbili tangu daftari lilipoanza na kulinganisha na bei ya vitanda vyote vilivyotoka mlangoni. Kisichooana kitakuwa ni cha wateja ambao bado wanasubiri vitanda vyao.