Mchele unaisha Jumatatu: kagua kiwango kabla ya kumshuku mpishi

Swali: Nina mgahawa mdogo hapa Morogoro. Nilinunua karatasi ya stoo kwenye grupu la WhatsApp, ina kiwango cha kila bidhaa na sehemu ya kuandika oda ya wiki. Mchele tunatumia kama kilo 70 kwa wiki, na kiwango ni 70. Jumatatu asubuhi nahesabu stoo na kupiga simu, mzigo unafika Jumatano asubuhi. Wiki moja mambo yanakwenda vizuri, wiki inayofuata Jumatatu hakuna kitu, tunakimbilia duka la jirani. Nyanya nazo zinaoza katikati ya wiki, halafu Jumapili hazipo. Nipandishe viwango vyote mara mbili, au mpishi ananiibia?

Jibu: Dada, mwache mpishi kwanza. Hiyo ya wiki moja nzuri na wiki moja mbaya inaonyesha tatizo liko kwenye karatasi. Mwizi hana sababu ya kupumzika kila baada ya wiki moja.

Chukua daftari tufuatane. Kilo 70 kwa wiki ni kilo 10 kwa siku. Tuseme Jumatatu asubuhi kabla ya kupika umekuta kilo 20. Kiwango ni 70, kwa hiyo unaagiza 50. Jumatatu na Jumanne mnapika zile 20 zinaisha. Jumatano zinaingia 50, na kuanzia Jumatano hadi Jumapili ni siku tano, mnapika 50. Jumatatu stoo ni tupu. Sasa unaagiza 70, lakini hazifiki mpaka Jumatano, kwa hiyo siku mbili mnanunua dukani kwa bei ya rejareja, kilo 20. Jumatano zinaingia 70, hadi Jumapili mmetumia 50, Jumatatu unakuta kilo 20. Tumerudi pale pale tulipoanzia. Utazunguka hivyo mwaka mzima, ishirini, sifuri, ishirini, sifuri, hata kama jikoni wangekuwa malaika.

Kosa ni kudhani kwamba ukiagiza mara moja kwa wiki, kiwango ni matumizi ya siku saba. Hili ndilo ninalolikuta karibu kwenye kila karatasi inayouzwa tayari. Oda ya Jumatatu hii inatakiwa ikulinde mpaka mzigo wa oda ya Jumatatu *ijayo* utakapofika, yaani Jumatano ya wiki ijayo. Hesabu kwa vidole: kuanzia Jumatatu hii mpaka Jumanne ya wiki ijayo jioni ni siku tisa. Saba za mzunguko wa kuagiza, mbili za kusubiri gari. Kilo 10 mara siku tisa ni kilo 90, wala hapo hatujaweka akiba yoyote.

Akiba nayo haipatikani kwa kubahatisha. Angalia matumizi ya wiki nne zilizopita. Tuseme yalikuwa 66, 72, 68 na 74. Wastani ni 70 na wiki nzito kuliko zote ilizidi wastani kwa kilo 4. Halafu jiulize gari likichelewa huwa linachelewa siku ngapi. Kama ni siku moja, hiyo ni kilo 10. Kwa mgahawa mdogo chukua kubwa kati ya hizo mbili, usizijumlishe, maana stoo yako si ghala. Kiwango chako cha mchele ni 100.

Sasa ijaribu. Jumatatu una 20, unaagiza 80. Jumanne jioni stoo ni sifuri, Jumatano zinaingia 80, Jumapili jioni zimebaki 30. Jumatatu inayofuata unaagiza 70. Jumanne jioni una 10, Jumatano unakuwa na 80, Jumatatu unakuta tena 30. Kuanzia hapo oda yako ni kama 70 kila wiki, na siku ya shida kabisa stoo ina kilo 10. Waulizaji wengi wanaogopa kwamba kiwango kikipanda, matumizi ya pesa yatapanda kila wiki. Hayapandi. Zile kilo 30 za tofauti unazilipia mara moja tu, zikishaingia stoo zinabaki zikizunguka. Kile unachokwepa ni bei ya rejareja.

Kumbuka pia kwamba kiwango si kiasi cha kuagiza. Ni kimo cha kujazia. Unachoagiza ni kiwango toa kilichopo toa kilicho njiani. Hicho cha njiani husahaulika sana: msambazaji akileta nusu na kusema nyingine kesho, ile nusu iliyobaki ni mali yako tayari, ukiihesabu kama haipo utaagiza mara mbili. Kama unatumia kompyuta au simu, kwenye safu ya kuagiza weka hii, ambapo C ni kiwango, D ni salio, E ni kilicho njiani na F ni ukubwa wa mfuko, mathalani 25 kwa kiroba cha kilo 25:

```
=CEILING(MAX(0, C2-D2-E2), F2)
```

Itapandisha hadi kiroba kizima. Usishangae basi kuona wiki nyingi viroba vitatu na wiki nyingine viwili, ndivyo inavyotakiwa. Ila salio liandikwe kwa kilo, na kiroba kilichofunguliwa kiwekwe kwenye mzani. "Nusu gunia" ya mpishi wa asubuhi na "nusu gunia" ya mpishi wa jioni zinaweza kupishana kilo kumi.

Sasa lile duka la jirani. Pesa inatoka wapi? Kwenye droo ya mauzo, na risiti haipo, na kwenye karatasi hakuna kilichoandikwa. Hapo ndipo hesabu inapojila yenyewe. Matumizi ya wiki hupatikana hivi: salio la mwanzo, jumlisha vyote vilivyoingia, toa salio la mwisho. Kwa wiki zako mbili, msambazaji ameleta 50 na 70, jumla 120, na salio limeanza 20 likaishia 20. Karatasi itakuambia mmetumia 120, yaani 60 kwa wiki, wakati ukweli ni 140. Mtu akija "kurekebisha" viwango kwa kufuata karatasi hiyo atavishusha, na upungufu utaongezeka. Weka safu moja pembeni ya *vilivyonunuliwa kwa dharura*, na kalamu ifungwe kwa kamba pale pale kwenye mlango wa stoo.

Nyanya ni ugonjwa wa upande wa pili. Mchele unakaa, nyanya mbivu hazikai siku tisa kwenye joto la Morogoro, kwa hiyo hazina kazi kwenye oda ya wiki. Zipe siku zake za sokoni, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kwa kuwa unahesabu alfajiri na kununua asubuhi hiyo hiyo, hakuna siku za kusubiri za kuongeza. Lakini hapa kuna mtego mwingine. Zipo karatasi zinazosema chukua matumizi ya wiki, gawa kwa idadi ya safari. Tuseme mnatumia kilo 3 kwa siku za kawaida na kilo 5 Jumamosi na Jumapili, jumla 25. Ukigawa kwa tatu unapata kilo 8 na kidogo kwa kila safari. Jumatatu unaleta nane wakati hadi Jumatano asubuhi unahitaji sita. Ijumaa unajazia hadi nane wakati Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zinataka 13. Ndiyo maana zinaoza na bado hazitoshi. Nyanya zina viwango viwili: 6 kwa Jumatatu na Jumatano, 13 kwa Ijumaa. Viandike vyote viwili kwenye mstari wake, na ununue tofauti tu kati ya kiwango na salio la nyanya nzima. Zilizolainika ziende kwenye mchuzi wa siku hiyo na zisihesabiwe.

Kwa hiyo kupandisha vyote mara mbili hapana. Mchele ungekaa ukiwa 140, pesa yako imelala ndani ya magunia na wadudu wakikaribishwa, na nyanya ungezitupa kwa ndoo. Maziwa, samaki, mchicha, mikate, vyote hivyo kikomo chake ni siku vinazoweza kukaa vikiwa vizuri. Kama hesabu inakupa kiwango cha siku nne na bidhaa inakaa siku mbili, usishushe kiwango kienyeji, ongeza safari za kununua.

Na hao wanaouza karatasi zenye namba tayari niwaseme kidogo. Karatasi tupu yenye safu nzuri haina ubaya, hata ikiuzwa. Namba zikishajazwa ndipo utapeli unapoanza, kwa sababu muuzaji hajui gari lako linafika siku gani, hajui kama Jumapili unafungua, hajui ujazo wa friza lako. Kiwango cha mchele cha jirani yako anayeletewa mzigo siku hiyo hiyo ni 80 kwa matumizi yale yale ya kwako. Wanaosema "ongeza asilimia 20 kila kitu" ni hao hao. Ukiongeza asilimia 20 kwenye 70 unapata 84, nawe kabla ya akiba unahitaji 90, kwa hiyo bado ungekwama Jumanne. Pembeni ya kila kiwango andika tarehe kilipowekwa. Mwezi wa Ramadhani ukiingia mauzo ya mchana yakashuka na futari ikapanda, viwango vya Januari havikusaidii kitu. Chukua matumizi ya wiki ya kwanza na ukokotoe upya.

Kuhusu wizi, kiwango hakimkamati mtu. Kinachomkamata ni sahani. Pima mchele mbichi unaoingia kwenye sahani moja. Tuseme ni gramu 100. Hesabu sahani za wali na pilau zilizouzwa wiki nzima, ongeza chakula cha wafanyakazi. Zikiwa 700, matarajio ni kilo 70. Matumizi ya kweli, pamoja na yale ya duka la jirani, yakija 71 au 72, huo ni mkono wa mpakuaji na ukoko wa sufuria. Yakija 80 wiki tatu mfululizo, hapo muite mpishi mkae, na uanze kwa kumwomba akupimie sahani moja mbele yako kwenye mzani.